Mlango wa kuslaidi chumbani: boliti inalegea, chini unapepea, na pembeni mwanga unapita. Nianzie wapi?

Mkazi wa Goba
Habari za jioni wakuu. Chumba chetu cha kulala ni kidogo, mlango wa kawaida ukifunguka unagonga kitanda, kwahiyo tukaamua kuweka ule wa kuslaidi unaoning'inia kwenye reli ya chuma juu, ile nyeusi inayoonekana nje nje na magurudumu yake mawili. Seti nilinunua reli ya mita 2, bapa, upana mm 40 unene mm 6, matundu matano. Mlango nikachongesha wa mninga, upana sm 90, urefu sm 212, unene sm 4. Fundi akaja akafunga siku moja akaondoka.

Sasa ni wiki ya tatu. Kwanza, boliti ya mwisho upande ule mlango unapoenda kukaa ukifunguliwa imelegea, naona kile kibomba cha kati ya reli na ukuta kinacheza nikisukuma mlango. Pili, mlango ukiwa wazi chini unapepea, mtoto akiusukuma unagonga ukuta, paaa, rangi imeshachubuka. Tatu ndo kinachoniumiza zaidi, usiku taa ya sebuleni ikiwaka kuna mstari wa mwanga pande zote mbili, upande mmoja naingiza vidole viwili. Mke wangu anasema ni kama tunalala nyuma ya pazia. Fundi simu hapokei. Naombeni mawazo, nibadilishe reli ninunue nzito zaidi au shida iko kwingine?

Mzee wa Chuma
Mkuu hiyo reli ni nyembamba kwa mlango wa mninga. Mninga mzito sana. Tafuta bapa la mm 10 uchomelee mwenyewe, mm 6 ni ya milango ya plaiwudi. Reli ikishakuwa nyembamba inapinda katikati, boliti za mwisho zinavutwa ndo zinalegea. Na kile kishikizi cha chini kinachozuia mlango usipepee weka katikati ya mlango pale sakafuni, kitashika pande zote sawasawa.

Kaka Geti
Mi geti langu la kuslaidi nje nimeweka gurudumu chini kwenye reli ya V, halitikisiki hata upepo ukija vipi. Kwanini usiweke reli ya chini na wewe? Za juu zinasumbua tu.

Mkazi wa Goba
Kaka asante lakini ni chumba cha kulala, sakafu ni marumaru, sitaki reli chini watu wajikwae usiku.

Fundi Msumeno
Goba, nimekaa na hii milango miaka kadhaa sasa, kabla hujanunua kitu chochote hebu nijibu haya maana majibu yake yako hapo hapo ukutani kwako.

Moja, chini ya ile boliti iliyolegea, sakafuni, kuna vumbi la kijivu au jeupe? Mbili, zile boliti zimeingia kwenye nini, fundi alitumia fisha za plastiki au boliti za chuma za kutanuka? Tatu, fremu ya mlango wa zamani bado ipo, na imetokeza ukutani kiasi gani? Nne, uwazi wa ndani ya fremu ni sm ngapi, usinipe upana wa mlango, nataka uwazi. Tano, kile kishikizi cha chini amekiweka wapi.

Na Mzee wa Chuma, kwa heshima zote, reli sio tatizo lake. Bapa la mm 40 limesimama kwa ubavu, na kati ya boliti na boliti ni kama sm 40 hadi 45. Mlango wake tuupigie hesabu, sm 90 kwa 212 kwa 4, mninga mkavu kilo kama 640 kwa mita ya ujazo, unapata kilo kama 49. Uzito huo unagawanywa kwa magurudumu mawili, kila moja kilo 25 hivi. Kilo 25 katikati ya sm 45 hiyo reli haipindi hata nusu milimita. Ukiweka mm 10 unaongeza uzito wa kubebwa na ukuta ule ule uliokwisha kushindwa.

Mzee wa Chuma
Sawa fundi nimekuelewa kwenye kupinda. Lakini mbona boliti imelegea kama chuma kinatosha?

Fundi Msumeno
Ngoja ajibu kwanza.

Mkazi wa Goba
Nimerudi na futi na tochi. Majibu:

Vumbi lipo, la kijivu, kama kijiko kimoja, liko kwenye kona chini ya ile boliti. Na nikimulika naona ufa mdogo wa duara kwenye plasta kuzunguka kile kibomba.

Nimeifungua ile iliyolegea, imetoka kwa mkono. Ni skrubu nene ya mbao iliyokuja na seti, imeingia kwenye fisha ya plastiki. Urefu ulioingia ukutani ni kama sm 4.

Fremu ipo, imetokeza sm 2 nje ya plasta. Uwazi wa ndani ya fremu ni sm 85, na uso wa fremu sm 5 kila upande. Na kitu kingine nimegundua, nyuma ya vibomba fundi aliweka washa, kila tundu washa nne au tano zimepangwa, nadhani ili mlango upite mbele ya fremu bila kukwaruza.

Kishikizi cha chini amekiweka katikati ya uwazi, pale pale tunapopita. Mke wangu ameshagonga kidole mara mbili.

Fundi Msumeno
Basi tunaongea kitu kimoja sasa.

Zile skrubu za kwenye seti zimetengenezwa kwa ajili ya mbao, sio kwa ukuta wetu. Kwenye sm 4 zako, sm 1.5 ni plasta ambayo haishiki kitu, kwahiyo ndani ya zege au tofali ulikuwa na sm 2.5 tu na plastiki. Halafu zile washa. Mlango haubonyezi boliti kwenda chini tu, unaning'inia mbele ya ukuta, kwahiyo unaivuta boliti itoke nje kama mtu anayening'inia kwenye msumari wa kutundikia koti. Kila milimita unayosogeza reli mbele ya ukuta unaongeza ule mvuto. Fundi wako alipopanga washa, alisogeza mlango mbele na akazidisha mvuto kwenye fisha ambayo tayari ilikuwa fupi. Boliti ya upande wa kufungulia ndo inaumia kwanza kwa sababu mlango unapopigwa hadi mwisho, stopa inagongwa pale pale. Vumbi la kijivu maana yake tundu linasagika ndani.

Mbongo Minesota
Niongezee hapo. Mimi niko huku Marekani, hii milango huku ndo kwao, ilitoka kwenye mabanda ya mashamba. Nyumba za huku kuta ni nguzo za mbao ndani na gipsamu juu, nguzo zimepangwa kila inchi 16 ambayo ni kama sm 40, ndo maana matundu ya reli nyingi yanakuja karibu na hicho kipimo na ndo maana skrubu ni za mbao. Kwahiyo Goba tafuta nguzo za mbao ndani ya ukuta wako kwa kugonga gonga, ukizipata funga hapo.

Mkazi wa Goba
Kaka ukuta wangu ni tofali za sementi inchi 6, hakuna mbao ndani. Ila sasa nimeelewa skrubu zile zilitoka wapi.

Fundi Msumeno
Minesota umetusaidia sana, ila kwa Goba kinachochukua nafasi ya zile nguzo ni lenta. Nyumba zetu nyingi lenta inazunguka ukuta wote juu ya milango na madirisha, zege lenye nondo. Reli yako inakaa juu kidogo ya fremu, yaani ndani ya lenta hiyo hiyo, na inaendelea pembeni hata pale pasipo na mlango. Gonga kwa nyundo ndogo, penye lenta panalia mnene na kavu, penye tofali lenye matundu panalia kama kopo.

Shida ya lenta ni nondo. Reli ina matundu yake tayari, ukikuta nondo nyuma ya tundu moja huna pa kukimbilia. Ndo maana mimi siku zote natanguliza ubao. Ubao wa mninga au mkongo, upana sm 15, urefu wa reli nzima au uzidi kidogo, unaufunga kwenye lenta kwa boliti za chuma za kutanuka za mm 10. Kwenye ubao unachagua tundu popote, ukigonga nondo unasogea sm 3 unatoboa tena. Halafu reli unaifunga kwenye ubao kwa zile skrubu za mbao za seti, hapo ndo mahali pake.

Unene wa ubao ndo unaoamua mwanya wako, usikate kwa kukisia. Fremu imetokeza sm 2, ubao uwe sm 2.5. Toa washa zote, rudisha vibomba vitupu. Mlango utapita mbele ya uso wa fremu kwa sm 1 hadi 1.5. Boliti za lenta hesabu hivi: ubao sm 2.5, plasta sm 1.5, ndani ya zege sm 6, jumla sm 10, na nati iachie kidogo, kwahiyo nunua za sm 12. Skrubu za reli nazo zipime, zisiwe ndefu kupita vibomba na ubao, ncha isije ikagonga zege ukadhani imekaza kumbe imekwama. Kabla hujatoboa angalia swichi ya taa iko wapi, paipu la waya kwa kawaida linapanda wima kutoka kwenye swichi kwenda juu, usiweke tundu kwenye mstari huo.

Dada Nyali
Jamani mimi niko Mombasa, nami nina mlango huu lakini ni wa bafu la ndani ya chumba, sio wa chumba. Kila mtu akioga mvuke wote chumbani, na harufu nisiseme. Niliambiwa niweke mpira pembeni utaziba. Niliweka ule mpira wa kubandika, mlango ukawa mzito kuvuta, watoto wakashindwa, baada ya mwezi mpira ukabanduka. Je hiyo ya ubao itanisaidia mimi?

Fundi Msumeno
Dada pole. Ubao utakaza reli yako lakini harufu na mvuke hautazuia, mlango huu haubani fremu, unapita mbele yake tu. Kwa bafu kusema kweli ningekushauri urudi kwenye mlango wa bawaba au uongeze feni ya kutoa hewa. Kuhusu mpira, unakwaruza mwendo wote. Kwa mlango wa kuslaidi inatumika brashi, ile yenye nywele, kwa sababu mlango unateleza juu yake.

Mkazi wa Goba
Fundi twende kwenye mianya sasa. Nikiweka ubao itabaki sm 1 hadi 1.5. Hiyo bado mwanga unapita.

Fundi Msumeno
Mwanga unaopita pembeni hautegemei mwanya peke yake, unategemea pia mlango umefunika kiasi gani zaidi ya uwazi. Wako ni sm 90 kwenye uwazi wa sm 85, kwahiyo kila upande unafunika sm 2.5 tu. Mtu akisimama sebuleni kwa pembeni kidogo jicho linapenya. Mimi mlango wa chumba siukati chini ya sm 5 za kufunika kila upande. Wako ulitakiwa sm 95.

Usiutupe lakini. Pande zako mbili hazifanani, upande wa kufungia na upande wa nyuma, yaani ule mlango unakokimbilia ukifunguliwa.

Upande wa kufungia, simamisha ubao wa kupokea. Ni ubao mwembamba wima kutoka sakafuni hadi juu, umefungwa kwenye uso wa fremu pale ukingo wa mlango unapoishia, umetokeza kuufikia unene wa mlango. Mlango ukifungwa ukingo wake unaenda kugusa ubao huo, na hapo unabandika brashi au hata sufi nene. Mwanga upande huo unaisha kabisa, maana hakuna tena njia ya moja kwa moja.

Upande wa nyuma huwezi kuweka ubao wa hivyo, mlango utapita wapi. Pale ongeza upana wa mlango. Mpe seremala aunge kipande cha mninga cha sm 5 ukingoni kwa gundi na vijiti vya mbao ndani, sio misumari. Mlango unakuwa sm 95, upande wa nyuma unafunika sm 7.5. Reli ya mita 2 inatosha, mlango mara mbili ni sm 190. Halafu brashi ibandike kwenye uso wa fremu, sio mgongoni mwa mlango. Ukibandika mlangoni itakwenda kusugua ukuta kila siku na kuchora mstari mchafu kwenye rangi.

Mzee wa Chuma
Brashi urefu gani wa nywele?

Fundi Msumeno
Pima mwanya baada ya kufunga reli, sio kabla, kisha uongeze mm 1 au 2. Mwanya wa mm 12, nywele za mm 13 au 14. Ukizidisha hapo mlango unakuwa mzito na ile ya kujifunga taratibu mwishoni inashindwa kuvuta. Na gundi yake haipendi vumbi, futa fremu kwa spiriti kwanza. Zenye mkanda wa alumini wa kufunga kwa skrubu ndogo zinadumu zaidi.

Mkazi wa Goba
Na cha chini? Mzee wa Chuma alisema katikati, na fundi wangu naye aliweka katikati.

Fundi Msumeno
Katikati ya uwazi mlango ukiwa umefungwa unashikwa vizuri, hapo Mzee hajakosea. Lakini ukifungua mlango unatoka kwenye kishikizi na kubaki unaning'inia bure, ndo huko kupepea na kugonga ukuta. Na kibaya zaidi ukirudi kuufunga lazima ulengeshe mfereji wa chini ya mlango uingie tena kwenye kishikizi.

Kishikizi kinakaa ukingoni mwa uwazi upande wa nyuma, mahali ambapo mlango upo wakati wote, ukiwa umefungwa kile kipande cha mwisho kipo hapo, ukiwa wazi kipande cha mbele kipo hapo. Kwako kwa zile sm 2.5 pasingetosha, ukiunga sm 5 unapata nafasi. Ona sasa kile kipande cha mninga kinafanya kazi mbili.

Aina ziko mbili. Kuna kile cha umbo la T kinachoingia kwenye mfereji chini ya mlango, na kuna kile kinachofungwa kwenye skatingi kina vigurudumu viwili vinaukumbatia mlango mbele na nyuma. Kwa sababu sakafu yako ni marumaru na una mtoto, chukua cha skatingi, hutoboi sakafu na hakuna kitu cha kujikwaa. Ila kinaonekana, wengine hawapendi. Ukichagua cha T, mfereji uwe na kina cha mm 15 hadi 18, na upana uzidi chuma kwa mm 2, usibane. Halafu pakaa vanishi ndani ya mfereji mara mbili, wengi wanasahau, maji ya kudeki yanapanda mle, mbao inavimba, mlango unaanza kukwama msimu wa mvua mnasema reli mbovu.

Dada Nyali
Hiyo ya kuvimba ndo yangu kabisa. Nilidhani magurudumu.

Mama Watatu
Kabla hamjaendelea, vile visahani viwili vidogo vya plastiki vinavyofungwa juu ya mlango chini ya reli, je Goba anavyo? Kwetu fundi aliviona akasema ni vya kupunguza kelele akavitupa. Mwanangu wa miaka minne alinyanyua mlango kwa chini, gurudumu likaruka reli. Nashukuru Mungu ulidondokea kwenye kitanda. Vile vinazuia mlango usinyanyuke. Tafadhali angalia leo.

Mkazi wa Goba
Mama pole sana. Nimeenda kuangalia sasa hivi, havipo, viko kwenye pakiti ndani ya boksi. Nimetoa mlango usiku huu huu nikisaidiana na jirani, umelala ukutani. Mtoto ana miaka mitatu.

Mama Watatu
Umefanya vizuri. Vikifungwa viache nafasi ndogo tu na reli, kama mm 2 au 3, vikiwa mbali havina kazi.

*Siku 16 baadaye*

Mkazi wa Goba
Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilipata seremala mwingine, tukafuata maelekezo.

Ubao wa mninga sm 2.5 umefungwa kwenye lenta, boliti sita. Tundu la tatu tulikuta nondo, drili ikaanza kulia na kutoa cheche, tukasogea sm 4. Tulipima ubao kwa pima maji urefu wote kabla ya kukaza, safari ya kwanza upande mmoja ulikuwa chini kwa mm 4 na tulipotundika mlango kujaribu ukaanza kutembea wenyewe kuelekea huko, tukalegeza tukarekebisha. Sasa ukiuacha popote unasimama.

Mlango ni sm 95. Ukiangalia karibu unaona kiungo, kipande kipya ni chekundu zaidi kidogo, seremala anasema kitafifia. Kishikizi cha vigurudumu kipo kwenye skatingi, haupepei tena, mtoto anausukuma hausikiki. Visahani vipo. Vumbi hakuna.

Mwanya baada ya kufunga ulikuwa mm 11 juu na mm 14 chini upande wa nyuma, kumbe fremu yenyewe ya zamani imelala kidogo. Tumeweka brashi ya mm 14 yote, juu inabana kidogo lakini inakwenda. Mwanga pembeni umeisha. Umebaki mstari mwembamba juu, kati ya mlango na fremu, na chini kuna mm 8 mlangoni na mm 13 kule mwisho, sakafu haiko sawa. Na televisheni ya sebuleni bado tunaisikia, imepungua lakini tunaisikia.

Fundi Msumeno
Hongera. Juu weka brashi hiyo hiyo kwenye uso wa fremu kwa ulalo, itaufuta huo mstari. Sauti usitegemee zaidi ya hapo. Chini kwa sakafu ya namna hiyo sijawahi kupata dawa ninayoiamini, brashi ndefu inafagia vumbi lote na kulikusanya kwenye kishikizi.

Mzee wa Chuma
Mimi chini niliwahi kuchonga ukingo wa mlango kufuata sakafu.

Fundi Msumeno
Ukiwa umefungwa utafuata. Ukiufungua unahamia kwenye sakafu nyingine.

Mbongo Minesota
Huku kuna ile ya mpira inayoshuka yenyewe mlango ukifika mwisho, inasukumwa na kitufe kwenye ubao wa kupokea. Ila sijaitumia mwenyewe.

Mkazi wa Goba
Hiyo naitafuta. Kwa sasa tumeviringisha khanga tunaweka chini usiku kwa ajili ya mbu. Swali langu la mwisho ni kitasa, naona kuna vya ndoano vinavyoingia kwenye ubao wa kupokea, ubao wetu una unene wa sm 3, unatosha au niongeze?